Chumvi haikuyeyuka: kisa cha andalio la somo la sayansi kwa lugha mbili

Tuchukue darasa la Gredi ya 4 katika shule ya umma huko Kayole, Nairobi, lenye wanafunzi 48, kipindi kimoja cha dakika 35, na mada ya vitu vinavyobadilika vikitiwa joto au maji. Watoto hawa wamefundishwa kwa Kiswahili mpaka Gredi ya 3, maana ndiyo lugha ya eneo lao. Kuanzia Gredi ya 4 lugha ya kufundishia ni Kiingereza, na kitabu cha sayansi kilichoko mezani kimeandikwa kwa Kiingereza. Ndiyo sababu mwalimu ameandaa somo kwa lugha zote mbili, na kwenye ukurasa wa kwanza wa andalio akapanga orodha ya msamiati yenye safu mbili: Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia.

Humu tutayaandika maneno ya Kiingereza jinsi mtoto anavyoyasikia. Ubaoni mwalimu huyaandika kwa tahajia yake kamili.

Orodha ya kwanza ilikuwa na maneno 12, na ndani yake mlikuwa na mistari miwili iliyoharibu somo zima. Mmoja ulisema yeyuka ni melti. Wa pili, hatua chache chini yake, ulisema yeyuka ni dizolvu. Mwalimu hakukosea kama msemaji wa Kiswahili. Nyumbani tunasema barafu imeyeyuka, sukari imeyeyuka kwenye chai, chumvi imeyeyuka kwenye mboga, mafuta yameyeyuka kwenye sufuria, na hakuna mtu atakayeshangaa. Kiswahili cha kila siku kimelipa neno hili kazi nyingi. Sayansi ya darasani ndiyo inayotaka kazi hizo zigawanywe, na Kiingereza cha kitabu kimeshazigawa. Mtoto akiona neno moja kushoto na mawili kulia, huchagua lile fupi na rahisi kutamka, ambalo ni melti. Siku ya zoezi, alipoulizwa kwa Kiingereza chumvi hufanya nini ikitiwa majini, aliandika kwamba ime-melti.

Kosa hilo laonekana dogo, la lugha tu. Lakini kuna namna mbili za kulifikia, na dawa zake hazifanani. Hapa ndipo walimu wengi hupoteza wiki nzima wakirudia somo ambalo mtoto alishalielewa, au wakisahihisha neno huku fikra yenyewe ikibaki imepinda.

Njia ya kuzitenganisha ni kumuuliza mtoto kwa Kiswahili, bila kumdai istilahi yoyote: "Chumvi imeenda wapi?" Mmoja atajibu, "Iko ndani ya maji, imejigawa vipande vidogo hatuvioni." Huyu sayansi anayo. Amekosa neno tu, na akipewa neno la pili atalitumia hapo hapo. Mwingine atajibu, "Imekuwa maji." Wa tatu atasema, "Maji yameichoma, imeisha." Hawa wawili hawana tatizo la msamiati. Wanaamini chumvi imegeuka kuwa kitu kingine au imetoweka, na ukiwapa neno dizolvu watalikariri vizuri kabisa wakiwa na imani ile ile. Mtihani hautawagundua, kwa sababu jibu lao litakuwa sahihi kwenye karatasi. Kwa hiyo swali hili liwekwe ndani ya andalio, dakika ya 3, kabla ya neno lolote la Kiingereza kuandikwa ubaoni, na mwalimu aandike kando idadi ya waliojibu kila namna. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwambia somo lijalo liwe la maneno au la chumvi.

Andalio la kwanza lilikuwa na kasoro nyingine mbili za majaribio, na zote zilizidisha mchanganyiko wa yeyuka.

Ya kwanza ni maji ya moto. Mwalimu alitia chumvi kwenye maji ya chupa ya chai ili ipotee haraka, muda usimwishie. Mtoto aliona joto, akaona chumvi inapotea, akaunganisha: joto limeiyeyusha. Hawezi kulaumiwa, maana jaribio ndilo lililomwambia hivyo. Ukweli ni kwamba chumvi ya mezani huyeyuka kwa joto la nyuzi 801 za selsiasi, ilhali maji ya Nairobi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu mji uko juu sana ya usawa wa bahari. Hakuna sufuria ya chai iliyowahi kuyeyusha chumvi. Wala chumvi haikuhitaji joto hilo, kwa kuwa kiasi kinachoingia kwenye maji baridi na kinachoingia kwenye maji ya moto vinakaribiana sana: karibu gramu 36 kwa mililita 100 za maji baridi. Basi jaribio la chumvi lifanywe kwa maji baridi ya bomba, na mtoto aguse glasi ahakikishe.

Ya pili ni barafu ndani ya glasi ya maji. Ni jaribio linalopendwa, lakini kwa mada hii ni baya kuliko yote. Barafu inayeyuka kweli, lakini inayeyukia ndani ya maji, na maji yake yanachanganyika na yale ya kwanza. Mtoto akiweka glasi hiyo kando ya glasi ya chumvi, anaona kitu kile kile mara mbili: kigumu kimeingia majini, kimepotea. Kama barafu imepatikana, ikae kwenye sahani kavu. Shule nyingi hazina friji, na barafu inayouzwa na wachuuzi mara nyingi ni juisi iliyogandishwa, yenye sukari na rangi, kwa hiyo inaongeza utata badala ya kuupunguza.

Kitu kinachofaa zaidi ni mafuta ya kupikia yaliyoganda, yale meupe ya mkebe. Nusu kijiko cha chai kinawekwa juu ya kijiko cha chuma, na mgongo wa kijiko unagusishwa kwenye kikombe cha maji ya moto bila maji kuingia. Mafuta yanalegea, yanakuwa kimiminiko, na hakuna tone la maji lililoyagusa. Kijiko kikitolewa na mgongo wake kuwekwa kwenye maji baridi, mafuta yanaganda tena mbele ya macho yao. Mafuta ya nazi pia ni mazuri, na yana habari yake: huyeyuka karibu na nyuzi 24, ndiyo maana chupa ile ile iliyoganda Nairobi asubuhi ya Julai ni kimiminiko Mombasa. Lakini mchana wa joto wa Februari hata Nairobi huenda mwalimu akafungua chupa akakuta imeshayeyuka, na jaribio likafa kabla ya kuanza. Mafuta meupe hayamwangushi.

Kwa makundi 8 ya wanafunzi sita sita, vinavyohitajika ni hivi. Maji baridi lita moja kwenye chupa mbili za nusu lita, kila chupa ikigawiwa makundi manne sawasawa, yaani mililita 125 kwa kundi, na hivyo hakuna haja ya chombo cha kupimia. Chumvi laini, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kila kundi, karibu gramu 6, jumla pungufu ya gramu 50. Glasi au chupa za plastiki zilizokatwa, mradi zionyeshe ndani. Vijiko 8 vya chuma. Chupa moja ya chai ya lita 2 yenye maji ya moto yaliyoachwa yapoe kidogo, kwa kuwa yanatosha yakiwa ya moto wa kuoshea vyombo na hayana haja ya kuwa yametoka jikoni wakati huo. Mwalimu peke yake ndiye anayeyamimina. Na kuna kitu kimoja kinachosahaulika: sahani moja ya rangi nyeusi, au kifuniko cha sufuria kilichogeuzwa, kwa ajili ya kesho yake.

Chumvi iwe laini kwa sababu ya mikono. Chumvi ya mawe huchukua muda mrefu kukorogwa, na kundi lenye haraka litaripoti kwamba haikuingia. Hata chumvi laini inaweza kuyaacha maji na ukungu mwepesi kwa dakika chache, kutokana na viungo vinavyotiwa ili isigandamane. Mwalimu aliyejaribu nyumbani usiku uliotangulia hatashtushwa na swali hilo.

Sasa orodha ya msamiati. Ilipunguzwa kutoka maneno 12 hadi manne, na neno yeyuka likapewa mwenzake: mumunyika. Baadhi ya walimu huliogopa wakidhani ni neno la kamusi tu. Lakini kumumunya ni kukiacha kitu mdomoni kikaisha polepole bila kukitafuna, kama mtu anavyokula peremende. Hicho ndicho kinachotokea: mate yanaichukua sukari ya peremende kidogo kidogo mpaka imeenea yote ndani yake. Mtoto aliyewahi kumumunya peremende amelibeba neno hili mdomoni kabla ya kuja darasani, na kutoka kumumunya kwenda kumumunyika, kisha mmumunyo, ni hatua zile zile za sarufi anazofanya kila siku anapotoka kuvunja kwenda kuvunjika. Kiingereza hakimpi msaada huo. Hapa Kiswahili kinaeleza dhana yenyewe, na itakuwa hasara kukitumia kama ngazi ya kupandia Kiingereza kisha kukitupa.

Orodha iliyoandikwa ubaoni siku hiyo ilikuwa hivi, kila mstari ukiwa na sentensi yake:

- yeyuka, melti: Mafuta yameyeyuka kwa sababu ya joto.
- ganda, frizi: Mafuta yameganda yalipopoa.
- mumunyika, dizolvu: Chumvi imemumunyika katika maji.
- mmumunyo, solushen: Maji haya ya chumvi ni mmumunyo.

Ukitazama sentensi ya tatu utaona inataja vitu viwili, chumvi na maji, ilhali ya kwanza inataja kitu kimoja na joto. Tofauti hiyo iko katika lugha zote mbili, na ndiyo inayopaswa kufundishwa pamoja na neno. Sentensi ya Kiingereza ya dizolvu nayo hutaja vitu viwili, na katikati huwa na neno fupi linalosimama mahali pa "katika". Mtoto akizoea kwamba dizolvu hutafuta mwenzake, atajishtukia mwenyewe akitaka kuandika kwamba mafuta yame-dizolvu na kukosa kitu cha kuweka mwishoni. Orodha ya maneno matupu haiwezi kumshtua hivyo.

Frizi ina mtego wake. Mtoto wa Nairobi husikia friji, kile chombo, na hudhani kwamba kitu kisichotiwa kwenye friji hakiwezi ku-frizi. Mafuta yanayoganda kwenye kijiko mbele yake, kwa maji ya bomba tu, yanaliondoa wazo hilo kuliko maelezo yoyote. Tahajia ya dizolvu nayo hukosewa kwa njia moja karibu kila mara: masikio yanasikia z, mkono unaandika z, kumbe huandikwa kwa s mbili. Lisemwe mara moja, liandikwe mara tatu, yatosha.

Mpangilio wa dakika 35 ulibadilika pia. Andalio la kwanza lilisema kila sentensi mara mbili, kwanza Kiingereza, kisha Kiswahili. Matokeo yake yanajulikana kwa yeyote aliyekaa nyuma ya darasa la namna hiyo. Baada ya wiki chache watoto hujifunza kutosikiliza nusu ya kwanza, kwa sababu wanajua ya pili inakuja, na kipindi kinabeba nusu tu ya mambo yake. Katika andalio jipya kila lugha ilipewa kazi na wakati wake.

Dakika 5 za mwanzo ni za Kiswahili: utabiri, na lile swali la chumvi imeenda wapi. Dakika 12 zinazofuata ni za mikono, na makundi yanabishana kwa lugha yoyote yanayoitaka, Sheng ikiwemo. Mwalimu asikatize mabishano ili kusahihisha lugha, maana mtoto anayesema "imeingia ndani, imejificha" yuko karibu sana na ukweli. Dakika 6 ni za kutaja: mwalimu anarudia maneno yao, "mmesema imeingia ndani ya maji, sasa tukisema kisayansi imemumunyika," halafu neno la Kiingereza linaandikwa kando yake na kutamkwa. Dakika 7 ni za Kiingereza pekee. Kila kundi linasema sentensi mbili kuhusu glasi yake na kijiko chake, kwa kufuata mifano ya ubaoni. Ni muda mfupi, lakini hakuna anayesubiri tafsiri, kwa kuwa kila mtu ameshika kitu anachokizungumzia. Dakika 5 za mwisho ni za kupima.

Kwenye kupima, mifano ilichaguliwa ili yeyuka ya nyumbani isiweze kumwokoa mtu: siagi juu ya mkate wa moto, sabuni ya unga kwenye beseni, chokoleti mfukoni, peremende mdomoni. Chokoleti na peremende ndizo zinazozua ubishi, kwa sababu zote mbili huishia mdomoni. Chokoleti hulegea kwa joto la mwili hata ikiwa mfukoni, pakavu. Peremende ikikaa mfukoni siku nzima inabaki peremende, mpaka ikutane na mate. Na swali gumu kuliko yote liwekwe kwa ajili ya wale wanaomaliza mapema: sukari ni ya upande gani? Kwenye chai inamumunyika. Kwenye sufuria kavu ya anayetengeneza kashata, bila tone la maji, inayeyuka na kugeuka rangi ya dhahabu. Kitu ni kimoja, maneno ni mawili, na kinachoamua ni kilichotendeka, si jina la kitu. Hili lielezwe kwa mdomo tu, maana sukari iliyoyeyuka hung'ang'ania ngozi na kuchoma vibaya.

Kundi moja huenda likauliza kuhusu unga wa mahindi kwenye maji. Ni swali zuri na jibu lake ni fupi: umechanganyika, haukumumunyika, na ukiacha glasi itulie utauona umekaa chini. Chumvi haikai chini, labda kama imezidi. Katika mililita 125 ingebidi watie zaidi ya vijiko saba ndipo ianze kubaki.

Wale waliosema chumvi imekuwa maji bado wanahitaji kuiona ikirudi. Hapa ndipo ile sahani nyeusi inapoingia. Mwisho wa kipindi, vijiko viwili vikubwa vya maji ya chumvi vinamiminwa juu yake, vinaenezwa viwe utando mwembamba, na sahani inawekwa dirishani penye jua. Kando yake kiwekwe kile kijiko cha mafuta, na glasi moja ya maji ya chumvi ikae kivulini ipoe kadiri itakavyo. Watoto waandike utabiri: kipi kitarudi kwa kupoa, na kipi kwa kukauka? Mafuta yamerudi kwa kupoa. Chumvi ya glasini haitarudi hata ikikaa usiku mzima kwenye baridi. Ya kwenye sahani itarudi, punje nyeupe zinazometa juu ya rangi nyeusi, zaidi ya gramu moja kidogo. Kipimo hiki cha namna kitu kinavyorudi ni imara kuliko maana yoyote ya kukariri, na hakitegemei lugha hata kidogo. Chumvi na isionjwe kwenye sahani ya darasa, macho yanatosha. Sukari isitumike badala ya chumvi hapa, kwa kuwa hukauka ikawa utomvu unaonata na watoto hawataona punje.

Siku ya jua sahani hukauka kabla ya shule kufungwa au kesho yake asubuhi. Julai, wingu la Nairobi likikaa wiki nzima, inaweza kuhitaji siku ya pili, na mwalimu aliyemimina glasi nzima badala ya vijiko viwili atangoja hadi darasa lisahau kilichokuwa ndani. Sahani ikishakauka, ndipo mstari wa tano unapoongezwa kwenye orodha: vukizwa, evaporeti, kwa sentensi ya "Maji yamevukizwa na jua, chumvi imebaki." Usiongezwe kabla. Nyumbani mtoto husema maji yamekauka na nguo imekauka kwa neno lile lile, na bila sahani mbele yake hataona kwa nini sayansi inataka neno la maji peke yake. Akiiona chumvi iliyobaki anauliza mwenyewe maji yameenda wapi, na hapo unaweza kumpeleka mpaka Marereni na Gongoni huko Kilifi, kwenye mabwawa mapana yenye kina kifupi ambako maji ya bahari huachiwa jua kwa namna ile ile, ili chumvi ibaki.